Walionaswa 99, Wenye Hatia 13

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Bariadi, kijana mmoja wa kigango chetu alinionyesha insha yake ya kurasa nne. Anasoma chuo cha kati, mwaka wa kwanza. Mkufunzi wake alikuwa ameiingiza insha hiyo katika programu ya bure ya kwenye intaneti, mojawapo ya zile zinazodai kutambua maandishi yaliyotungwa na akili unde. Programu ikajibu kwamba insha imeandikwa na mashine, na kijana akapewa sifuri. Alipojitetea aliambiwa tu kwamba kifaa hicho hakikosei sana.

Sitaki kujadili kama kijana huyo alidanganya au hakudanganya. Sikuwepo alipoandika, wala sina njia ya kujua. Ninachotaka kujadili ni lile jibu la mkufunzi wake, kwa sababu limebeba kosa la hoja ambalo hata sisi tunaosoma falsafa tunaweza kulimeza bila kulitafuna. Tuseme ni kweli kwamba kifaa hakikosei sana. Je, inafuata kwamba aliyenaswa nacho huenda ana hatia? Haifuati. Tena katika darasa lenye wadanganyifu wachache, mara nyingi mambo huwa kinyume kabisa: wengi wa walionaswa ni waaminifu.

Katika somo la mantiki tunafundishwa mapema kwamba kauli haigeuzwi ovyo. Kila Msukuma wa Maswa ni Mtanzania, lakini hakuna atakayesema kwamba kwa hiyo kila Mtanzania ni Msukuma wa Maswa. Hapo kosa linaonekana wazi hata kwa mtoto. Ila lijaribu kosa lile lile kwa maneno mengine: "Ni wachache tu kati ya waaminifu wanaonaswa na kifaa, kwa hiyo ni wachache tu kati ya walionaswa walio waaminifu." Ghafla linasikika kama hoja nzuri. Kumbe tumegeuza kauli vile vile. Kauli ya kwanza inahesabu ndani ya kundi la waaminifu, ambalo ni kubwa. Ya pili inahesabu ndani ya kundi la walionaswa, ambalo ni dogo na lina mchanganyiko wake. Mwalimu anayeshika kalamu nyekundu anahitaji kujua ya pili, lakini tangazo la kifaa humpa ya kwanza.

Kuiona tofauti hiyo kunahitaji kuhesabu, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Nitatumia takwimu za kweli. Tarehe 31 Januari 2023 kampuni ya OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, walitoa programu yao wenyewe ya kutambua maandishi ya mashine. Walikuwa wakweli, wakaeleza jinsi ilivyofanya katika majaribio yao ya maandishi ya Kiingereza: kati ya maandishi 100 ya mashine iliyatambua 26, na kati ya maandishi 100 ya binadamu iliyasingizia 9.

Sasa chukua insha 1,000 zilizokusanywa kutoka vyuo na shule za mkoa wetu wa Simiyu, na tudhani kwamba 50 kati yake ziliandikwa na mashine, yaani asilimia 5. Hii 5 ni dhana yangu, nitairudia baadaye. Insha 950 zilizobaki zimeandikwa na wanafunzi wenyewe, kwa jasho lao, nyingine kwa mwanga wa tochi ya simu.

Anza na zile 50. Kifaa kinatambua 26 kwa kila 100, kwa hiyo kitanasa 13. Nenda kwa zile 950 za waaminifu. Kinasingizia 9 kwa kila 100, kwa hiyo kitanasa 85 au 86, tuseme 86. Jumla ya walionaswa ni 99. Kati yao wenye hatia ni 13, na wasio na hatia ni 86. Mwalimu akiwapa wote sifuri, kwa kila mdanganyifu mmoja anayemwadhibu anawaadhibu karibu waaminifu saba.

Tazama kilichotokea. Kifaa hakikubadilika. Bado ni kweli kwamba kati ya waaminifu 100 kinawaacha salama 91. Lakini waaminifu walikuwa wengi mno kuliko wadanganyifu, na kipande kidogo cha kundi kubwa kikazidi kipande kikubwa cha kundi dogo. Wanatakwimu huuita ule uwiano wa mwanzo, 50 kwa 1,000, kiwango cha msingi. Ni hali ya darasa kabla kifaa hakijasema lolote, na ndicho kitu ambacho mkufunzi wa yule kijana hakukiuliza. Kanuni ya kuunganisha kiwango cha msingi na ushahidi mpya imepewa jina la Thomas Bayes, mchungaji wa Kipresbiteri wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, baada ya rafiki yake Richard Price kulikuta miongoni mwa karatasi zake.

Ukitaka kuona jinsi kiwango cha msingi kinavyotawala, badilisha hicho peke yake. Tuseme nusu ya insha zile 1,000 ziliandikwa na mashine. Kifaa kile kile kitanasa 130 kati ya 500 za mashine, na 45 kati ya 500 za binadamu. Sasa walionaswa ni 175, na karibu robo tatu yao wana hatia kweli. Kwa hiyo mtu akikuuliza alama nyekundu ya kifaa ina uzito gani, jibu la haki ni kumuuliza: katika darasa lipi?

Utasema, nimechagua kifaa kibovu. Ni kweli, OpenAI wenyewe walikiondoa tarehe 20 Julai mwaka ule ule, wakitaja usahihi wake mdogo. Basi tukipe sifa kubwa. Tuseme kifaa kipya kinanasa maandishi ya mashine 80 kwa 100 na kinasingizia 1 tu kwa 100. Katika insha 1,000 zenye 50 za mashine, kitanasa 40 za kweli na kama 10 za uongo. Hapo kinaheshimika. Lakini kipeleke kwenye darasa ambalo mdanganyifu ni 1 tu kwa 100: kitanasa 8 za kweli na 10 za uongo. Kifaa kizuri namna hiyo, na bado zaidi ya nusu ya walionaswa hawana hatia. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilipiga hesabu ya aina hii Agosti 2023 kabla ya kuzima kifaa cha Turnitin: kwa kazi 75,000 zilizopitishwa katika mfumo huo mwaka 2022, kosa la asilimia 1 tu lingesingizia kazi 750 hivi.

Je, ile dhana yangu ya asilimia 5 ina msingi gani? Ni hapa wenzangu hunibana, na wana haki. Hakuna anayejua kwa hakika ni wangapi wanadanganya, mdanganyifu hajiandikishi. Tunavyo vidokezo tu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 333 kwa udanganyifu, kati ya watahiniwa zaidi ya laki tano. Hiyo haifiki hata mmoja kwa elfu. Ila hao ni waliobainika, tena chini ya msimamizi, ndani ya chumba cha mtihani. Insha ya kuandikia bwenini ni kitu kingine, na sitashangaa ikiwa idadi ni kubwa zaidi. Mwalimu anayeona kwa sababu za kweli kwamba nusu ya darasa lake wanatumia mashine ana haki ya kuipa alama nyekundu uzito zaidi. Lakini azitaje sababu hizo. Asikitumie kifaa kama sababu ya kuamini kwamba wadanganyifu ni wengi, kisha akatumia wingi huo kama sababu ya kukiamini kifaa. Huo ni mduara, na tumeshautolea jina darasani.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu Simiyu ni zito kuliko yote niliyosema. Ile 9 kwa 100 ni wastani, na wastani hauwaangukii watu wote sawasawa.

Nyingi ya programu hizi hupima jinsi maneno yanavyotabirika. Zinasoma sentensi neno kwa neno, zikijiuliza kama neno linalofuata lilikuwa rahisi kubashiri. Mashine huchagua maneno yanayotabirika, basi maandishi yanayotabirika hushukiwa. Lakini nani mwingine huandika kwa maneno yanayotabirika? Mtu anayeandika kwa lugha isiyo yake. Mtoto wa Itilima au Meatu huongea Kisukuma nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza huambiwa aandike kila kitu kwa Kiingereza. Msamiati wake ni mdogo, na sentensi nyingi amezishika kama alivyozikariri ubaoni. Hathubutu kuchezea lugha kwa kuogopa kukosea. Insha yake ni safi, imenyooka, na inatabirika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima jambo hili mwaka 2023. Walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, unaofanywa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha katika programu saba. Insha zote zilikuwa za binadamu. Kwa wastani programu zilisingizia asilimia 61 ya insha hizo. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote salama.

Waandishi wa insha zile 91 hawakuwa Watanzania, na programu hubadilika, kwa hiyo siwezi kuichukua 61 na kuibandika Bariadi. Lakini kama kosa kwa wanafunzi wetu lingekuwa hata karibu na hapo, hesabu yetu ingekuwa hivi: kati ya waaminifu 950 wangenaswa 580. Hata kifaa kikiwanasa wadanganyifu wote 50 bila kukosa mmoja, walionaswa wangekuwa 630, na wenye hatia kati yao hawafiki mmoja kwa kumi.

"Basi tupime mara mbili," rafiki yangu mmoja wa hapa seminarini aliniambia. Ni wazo zuri, nalo lina ukoo mwema. Sote tunaijua desturi hiyo kliniki: anayepima virusi vya UKIMWI hapewi jibu la kuwa na virusi kwa kipimo cha kwanza peke yake. Sababu ni hiyo hiyo ya kiwango cha msingi. Vipimo vile ni sahihi mno kuliko programu za insha, lakini nchini kwetu, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, wenye virusi ni asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Maambukizi yanapopungua, sehemu ya majibu ya uongo kati ya majibu yote ya "ndiyo" huongezeka. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zielekee kwenye majibu matatu mfululizo kabla ya kumwambia mtu kwamba ana virusi. Ugonjwa ukipungua, masharti ya kuthibitisha huongezwa. Wengi wetu tungedhani kinyume.

Lakini kliniki haikirudii tu kipimo kile kile. Kipimo cha pili ni cha aina nyingine, ili kilichokidanganya cha kwanza kisikidanganye na cha pili. Kuingiza insha ile ile katika programu ile ile mara mbili ni sawa na kumuuliza shahidi mmoja mara mbili. Hata ukibadili programu, kama zote zinapima kutabirika kwa maneno, ni ndugu wa tumbo moja. Utafiti ule wa Stanford unaonyesha hili vizuri. Kama kila programu ingekosea kivyake, kwa kiwango cha 61 kwa 100, programu zote saba zingekubaliana kuisingizia insha moja kwa bahati mbaya mara 3 tu kwa 100. Zilikubaliana katika insha 18 kati ya 91, karibu mara 20 kwa 100. Mashahidi saba, kauli moja, na wote wamekosea.

Msomaji wa kitabu cha Danieli atamkumbuka Susana. Wazee wawili walitoa ushahidi unaofanana, na mkutano ukamhukumu afe. Danieli hakutafuta wazee wengine wa kurudia maneno yale. Aliwatenganisha wawili wale, akamuuliza kila mmoja kivyake ni chini ya mti gani walimwona. Mmoja akataja mti huu, mwingine ule. Kilichomwokoa Susana hakikuwa idadi ya mashahidi. Ni swali ambalo hawakuwa wamelipanga pamoja.

Kwa insha, swali la namna hiyo lipo nalo ni rahisi. Mwite mwanafunzi, keti naye dakika kumi, mwambie aeleze hoja ya aya ya pili kwa maneno yake, na kwa nini ameuchagua mfano ule na si mwingine. Mruhusu ajibu kwa Kiswahili. Ukimlazimisha Kiingereza, utakuwa unapima tena kitu kile kile kilichomponza kwenye programu, na kipimo chako cha pili kitakuwa ndugu wa kile cha kwanza.

Hata hivyo tusiyapambe mahojiano. Tuyahesabu nayo. Turudi kwa wale 99, wenye hatia 13 na waaminifu 86. Tuseme mwalimu ni hodari: kati ya wadanganyifu kumi, wanane wanashindwa kujieleza, na kati ya waaminifu kumi, ni mmoja tu anayeshindwa, kwa woga au kwa kuwa aliandika wiki tatu zilizopita na amesahau. Wadanganyifu wanaoshindwa watakuwa 10. Waaminifu wanaoshindwa watakuwa 9. Nilipolifikia jibu hili kwa mara ya kwanza nililipiga upya nikidhani nimekosea kuzidisha. Baada ya ushahidi wa aina mbili tofauti, bado ni nusu kwa nusu. Tumepiga hatua kubwa, kutoka mmoja kwa nane hadi mmoja kwa wawili, lakini hakuna hakimu anayefunga mtu kwa nusu kwa nusu. Kinahitajika kitu cha tatu: madaftari ya rasimu, au insha aliyoiandika kwa mkono darasani ili kulinganisha mtindo, au kitabu alichokinukuu ambacho maktaba haijawahi kuwa nacho.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu walezi wetu hulitaja, na wanalitaja kwa uchungu wa kweli: tukiwa wapole hivi, wadanganyifu watapona, na kijana anayezoea kuiba insha leo ataiba kingine kesho. Nakubali uchungu wao. Lakini hesabu inasema wadanganyifu wameshapona tayari. Kati ya wale 50, kifaa kilinasa 13. Wengine 37 wamepita wakitabasamu. Kati ya insha 901 ambazo kifaa kilizipitisha kuwa safi, 37 ni za mashine, yaani 4 kwa 100. Kabla ya kifaa ilikuwa 5 kwa 100. Mwalimu anayepumua kwa sababu programu imesema "safi" amejifunza karibu na bure.

Kwa hiyo anayetaka kweli kuwashika wale 37 asikae kwenye lango la mwisho akisubiri alama nyekundu. Abadili namna ya kutoa kazi. Insha mbili kati ya tatu ziandikwe darasani kwa kalamu, ile ya tatu iletwe kwa vipande, muhtasari wiki ya kwanza, rasimu wiki ya pili, na kila mwanafunzi, aliyenaswa na asiyenaswa, aulizwe maswali mawili siku ya kukabidhi. Kwa darasa la wanafunzi 45 ni saa mbili na robo za kazi, dakika tatu kwa kila mmoja. Kwa darasa la 120 ni saa sita, na mwalimu mmoja mwenye vipindi 30 kwa wiki hana saa hizo. Huyo simlaumu akikosa muda wa kumuuliza kila mtu. Ila akikosa muda huo, aiache programu pia, na asahihishe insha kwa kilichoandikwa ndani yake.